Tulikubaliana hakuna mapenzi, sasa anataka tukae pamoja kwenye kadi ya dabo. Nimwelewe vipi huyu kaka?

Tausi_Segerea
Wakuu habari za jioni.

Mimi ni dada wa miaka 31, kazi yangu iko mjini Posta, nimepanga Tabata Segerea. Nina rafiki yangu wa kiume tangu chuo, yeye anakaa Kijitonyama. Nilipoachana na mchumba wangu tukaanza kulala pamoja. Hatukujifanya watoto, tulikaa tukaongea: hakuna kuulizana uko na nani, hakuna kutambulishana nyumbani, na mmoja akipata mtu wake anasema, tunaacha, urafiki unabaki. Imekwenda zaidi ya mwaka bila kelele.

Tangu mfungo wa Ramadhani mambo yamebadilika. Kwanza alianza kunitumia umeme wa LUKU bila kuombwa. Kisha rafiki yetu mmoja akaweka statasi, mimi nipo Koko Bichi na watu wa ofisini, kaka mmoja amekaa karibu yangu. Saa tano usiku simu ikaita: "Huyo ni nani?" Hajawahi kuniuliza swali hilo.

Sasa limekuja la sendofu ya mdogo wangu. Mchango wa singo ni 70,000, dabo 120,000. Yeye katuma 120,000, na kamati wakamwandikia dabo. Nikamuuliza anakuja na nani, akasema "na wewe". Nikamwambia mimi ni dada wa bibi harusi, nakaa meza ya familia, sihitaji kadi, alete yeyote anayemtaka. Akanyamaza siku kadhaa, halafu ikaja meseji moja: "Kwani mimi ni nani kwako?"

Sijamjibu mpaka sasa. Swali langu: huyu amenipenda, au ameona nafasi yake inataka kuchukuliwa ndiyo anashtuka? Simtaki aondoke, ndiye rafiki yangu wa karibu kuliko wote. Ila kama namtaka kwa hilo jingine, sijui. Naomba mnisaidie kumwelewa kabla sijamjibu.

Konda_Mstaafu
Umeme wa shilingi ngapi kwanza? Mwanaume wa Dar akituma LUKU bila kuombwa, mshenga yuko njiani.

Mtaalamu_Kimara
Dada, hii ni sayansi, wala usiumize kichwa. Watu wakilala pamoja mwili unatoa homoni inaitwa oksitosini. Hiyo ndiyo inayomgandisha mtu kwa mwenzake. Ukizoeana na mtu mmoja mwaka mzima huwezi kutoka salama. Lakini inawashika zaidi wanawake. Kwa hiyo mwanaume akianza kuonyesha dalili hizo, ujue hayo siyo mapenzi, ana hesabu zake nyingine.

Shangazi_Magomeni
Mwanangu, ana miaka mingapi huyo? Kama ni wa umri wako, mama yake ameshaanza kumuuliza. Kijana akiulizwa kwao "mkwe yuko wapi" mara tatu, nne, anageuka kuangalia nani yuko karibu. Na wewe ndiye uliye karibu. Sikukuu ya Idi watu wanarudi kwao, na huko ndiko maswali haya huanzia.

Nahodha77
Kuwa makini naye. Akihamia kwako akakaa miezi 6 tu, kisheria ni mumeo, na vitu vyako mnagawana.

Wakili_Mdogo
Nahodha, hiyo ya miezi 6 ni ya vijiweni. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema miaka 2 au zaidi. Na siyo kukaa tu: mwanamume na mwanamke wawe wameishi pamoja na watu wanaowazunguka wanawachukulia kama mume na mke. Hata hapo ni dhana tu, mmoja akileta ushahidi kwamba hawakuwa wameoana, mahakama inaweza kuikataa. Mtoa mada yuko Segerea, mwenzake Kijitonyama. Hakuna kitu hapo.

Ila nikukumbushe dada, sheria yenyewe imeweka uzito kwenye kujulikana mbele ya watu. Huyu kaka analijua hilo bila kusoma kifungu. Hakukuomba kulala kwako siku nyingi zaidi. Ameomba kiti kwenye ukumbi wenye ukoo wako wote.

Nasaha_Ilala
Nimefanya kazi ya ushauri wa mahusiano kwa muda, na kesi kama hii naipata sana. Kosa ninaloliona kwenye majibu ni kuchanganya mambo matatu kama vile ni jambo moja. Tuyatenganishe.

LUKU ni kujali. Inaweza kuwa na nia nyuma yake au isiwe nayo, lakini peke yake siyo wivu.

Ile simu ya saa tano usiku ni wivu. Aliona picha akaogopa. Wivu unahitaji mtu wa tatu, wa kweli au wa kufikirika, na hausemi chochote kuhusu mtu anataka nini kwako kesho. Mtu anaweza kuona wivu juu ya mtu ambaye hana mpango naye kabisa.

Kadi ya dabo ni ombi. Hapo hakuna mtu wa tatu. Hata kama usingekuwa na mfanyakazi mwenzako yeyote, bado angetaka kukaa na wewe siku ile.

Kwa hiyo swali lako la "amenipenda au ameshtuka" huenda lina majibu mawili ya ndiyo. Ninachokiangalia mimi kwa mtu kama huyu ni kimoja: anachokitaka kinamfunga na yeye, au kinakufunga wewe peke yako? Anayesema "usikae na wanaume" na yeye anaendelea na mambo yake, huyo analinda nafasi. Anayetaka kuonekana na wewe mbele ya shangazi zako, na yeye amejifunga. Baada ya siku ile hawezi kwenda harusi nyingine na mwanamke mwingine bila kuulizwa.

Nina maswali kwako. Ukiumwa nani anakuja? Jumapili mnazimalizaje? Na kabla ya Ramadhani kulitokea nini? Mtu habadiliki bila sababu baada ya mwaka mzima wa utulivu.

Tausi_Segerea
Asante dada Nasaha. Nikiumwa anakuja yeye. Mwaka jana nililazwa, alilala kwenye benchi la wodi mpaka manesi wakamzoea. Jumapili huwa anakuja Segerea, napika, anaangalia mpira, anaondoka usiku. Mama yake akimpigia nikiwa karibu huwa ananisalimia, ananiita mwanangu.

Kabla ya Ramadhani, kuna dada mmoja wa Mwanza alikuwa naye kwa mbali, aliniambia wameachana. Sikusema kitu, maana tulikubaliana hakuna kuulizana.

Kipanga_Mbagala
Basi jibu tumepata, tufunge uzi. Kakosa Mwanza, kahamia Segerea. Angekuwa bado na yule dada usingesikia habari ya kadi. Wewe ni akiba.

Nasaha_Ilala
Kipanga, umeruka hatua. Inawezekana aliachwa akabaki na wewe. Inawezekana pia alimwacha yeye kwa sababu yako, ndiyo maana akaja kukwambia, wakati makubaliano yalikuwa hakuna kusemeana. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana, na kwa nje yanafanana. Kinachoyatofautisha ni nani alimwacha nani, na hilo analijua yeye peke yake. Tausi hakuuliza, na sheria yao ndiyo iliyomzuia kuuliza.

Konda_Mstaafu
Mtu anapika Jumapili, anasalimiana na mama mkwe kwenye simu, analaliwa kwenye benchi la hospitali, halafu anasema hakuna mapenzi. Mnataka mapenzi ya aina gani nyie watu wa Segerea?

Fundi_Friji
Naomba niseme, kwa sababu mimi nimewahi kuwa upande wa huyo kaka.

Nilikuwa na dada mmoja Mwananyamala, mpango kama wenu huu huu. Muda mrefu sikuwa na shida, na kusema kweli nilijua kuna mwingine na haikuniumiza. Kilichonigeuza ni msiba wa baba yake. Nilienda. Nilikesha pale, nimebeba viti, nimefunga turubai, nimekwenda sokoni na kamati. Kila anayeniuliza "wewe ni nani kwa marehemu" nilikuwa sina jibu. Mume wa dada yake alikaa ndani na wazee, mimi nipo nje na vijana wa mtaa. Siku ile niliona kwamba kwenye maisha ya huyu mtu sina mahali.

Baada ya hapo nilianza ugomvi wa simu. Uko wapi, mbona hupokei, nani alikuleta. Ukinitazama ungesema ni wivu wa mwanaume. Ndani haikuwa kwamba naogopa mwanaume mwingine. Nilikuwa nashindwa kusema "nataka nijulikane", maana tulikubaliana hakuna, na mwanaume kuomba hivyo naona kama najishusha. Kwa hiyo nikauliza lile lililokuwa rahisi kuuliza. Yeye alichoka na maswali, akaniacha, na mpaka leo anaamini nilikuwa nambana.

Sisemi huyu wako ni hivyo. Nasema "huyo ni nani?" inaweza kuwa siyo swali lenyewe.

Shangazi_Magomeni
Pole sana baba. Msiba ndipo watu wanapopangwa mahali pao, na sherehe vilevile.

Panya_wa_Maabara
Turudi kwa Mtaalamu kidogo, maana habari ya oksitosini inasambaa mitandaoni kama ilivyo na si sawa. Ilianzia kwa panya fulani wa nyikani Marekani, ambao dume na jike hukaa pamoja na kulea pamoja. Kwa majike ilionekana oksitosini ina kazi kubwa, kwa madume zaidi homoni nyingine inaitwa vasopresini. Kwa hiyo hata huko, madume nao walikuwa wanashikamana. Halafu mwaka 2023 watafiti walitoa matokeo ya panya hao hao waliozaliwa bila kipokezi cha oksitosini, na bado walichagua wenza wao na kukaa nao. Jambo ni pana kuliko homoni moja.

Na kuna hili la kawaida tu: hawa wamelala pamoja zaidi ya mwaka. Kama ni homoni ya kulala pamoja, kwa nini ianze kufanya kazi Ramadhani hii na siyo ile iliyopita?

Mtaalamu_Kimara
Panya ni panya, binadamu ni binadamu. Homoni ipo, na hata kwa binadamu imepimwa. Na huenda inajikusanya polepole mpaka inafika kiwango.

Panya_wa_Maabara
Ipo, sikatai. Ila haikai ikajikusanya mwilini mwaka mzima. Ikitoka kwenye damu inaondoka ndani ya dakika chache. Kinachojikusanya ni mazoea na kumbukumbu, na hayo yanatokana zaidi na zile Jumapili na lile benchi la wodi.

Mama_Wawili
Jamani na mimi nisaidieni. Mume wangu ana rafiki wa kike kazini, wanachati sana, nikiuliza anasema ni rafiki tu. Na juzi nimekuta amemtumia vocha. Huyo dada wa Segerea aache waume za watu, ndoa zinavunjika hivi hivi.

Wakili_Mdogo
Mama Wawili, huyu kaka wa Tausi hana mke, soma tena juu. La kwako ni zito na linastahili uzi wake, lifungue tutakuja.

Mama_Wawili
Sawa, nimesoma haraka. Nafungua.

Muuguzi_Temeke
Kuna swali hamjauliza, na mimi lazima niulize kwa kazi yangu. Tausi, mnatumia kondomu?

Kama mnatumia kila mara, basi "huyo ni nani" ni wivu, endeleeni. Kama hamtumii, mtu ana haki kabisa ya kuuliza unalala na nani mwingine, na wewe una haki hiyo hiyo. Sheria ya hakuna kuulizana haiwezi kukaa nyumba moja na kutotumia kinga. Nawaona wengi wanapima mara moja mwanzoni, majibu mazuri, wanaacha kondomu, halafu mmoja anapata mtu mwingine na hasemi kwa sababu "tulikubaliana". Kile kipimo cha mwanzo hakiwalindi tena. Na maambukizi mapya ya VVU yanaweza yasionekane kwenye kipimo cha kidole mpaka karibu miezi 3, kwa hiyo kukimbilia kupima wiki inayofuata siyo jibu kamili. Na akitokea mmoja amepata hatari leo, awahi kituo cha afya, dawa za kuzuia zinaanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi.

Tausi_Segerea
Dada Muuguzi, tuliacha baada ya Krismasi. Tulikwenda kupima wote wawili, wazo lilikuwa lake. Mimi nilichukulia kwamba ni kwa sababu tunaaminiana. Sina mtu mwingine kwa sasa, lakini sikumwambia hivyo na yeye hakuniambia.

Nasaha_Ilala
Tausi, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko kadi. Angalia mfululizo. Krismasi mnapima pamoja na kuacha kondomu, yeye ndiye mwenye wazo. Kisha anakuja kukwambia yule wa Mwanza ameisha. Kisha LUKU. Kisha picha ya Koko. Kwa macho yake huenda makubaliano yalishabadilika Krismasi, na tangu hapo mko wawili tu. Kwa macho yako mnaendelea na yale ya mwanzo. Ndiyo maana swali lake la usiku limekushangaza, na wewe kushangaa kwako kumemshangaza yeye.

Watu wengi huwa wanaongea siku ya kuanza tu. Sheria zinazofuata zinaandikwa kwa vitendo, na kila mmoja anazisoma kivyake.

Kipanga_Mbagala
Au aliacha kondomu kwa sababu hazipendi. Wanaume tunajuana. Mnamjengea hekalu.

Muuguzi_Temeke
Asiyependa kondomu huwa hajipeleki mwenyewe kupimwa, Kipanga. Hao tunawabembeleza.

Amina_Usalama
Naona mnamtetea sana. Naomba niseme upande mwingine, maana na mimi nilianza na LUKU.

Wangu alianza hivi hivi, vitu vidogo vizuri. Ikafuata namba ya siri ya simu. Ikafuata kunisubiri kituoni Ubungo nikishuka kwenye mwendokasi, eti ananipokea, kumbe anahesabu nimetoka kazini saa ngapi. Kila alichokuwa amenipa kikawa deni: "mimi ninayekuwashia taa". Mwisho alinipiga mbele ya mlango wangu, nikaenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na ndipo akaacha kuja.

Kwa hiyo dada usiangalie wivu upo au haupo. Angalia ukisema hapana kinatokea nini. Anataja alichokupa? Anakutisha? Anakwenda kwa rafiki zako kukuuliza? Na mimi ile kunyamaza siku kadhaa sijaipenda. Kumnyamazia mtu ili ateseke ni fimbo.

Tausi_Segerea
Pole dada Amina, na asante. Nimejiuliza yote hayo. Simu yangu hajawahi kuishika. Hakuna alichonitajia. Aliwahi kuja bila taarifa mara moja, alikuwa na chipsi kuku. Siku alizonyamaza sijui alikuwa ananiadhibu au alikuwa anaumia, siwezi kusema.

Konda_Mstaafu
Chipsi kuku bila taarifa. Amina, hii tumwachie hakimu.

Amina_Usalama
Konda, chipsi si kinga. Wangu alileta hadi mishikaki.

Nasaha_Ilala
Amina yuko sahihi kuliko mnavyodhani, na kunyamaza kusiachwe hivi hivi. Kuna mtu ananyamaza kwa sababu hana maneno, na kuna anayenyamaza mpaka uombe radhi. Wa kwanza akirudi anakuja na swali au maelezo. Wa pili akirudi anasubiri uname. Huyu alirudi na swali, "mimi ni nani kwako". Kwangu hiyo ni dalili nafuu, ila ni moja tu.

Kuhusu kumjibu. Usimjibu wasap, maandishi yatasomwa mara mia. Usimjibu usiku, wala kitandani, maana pale kila mmoja husema cha kumridhisha mwenzake. Kaeni mahali penye watu lakini pa utulivu, mchana. Anza na yeye: "Krismasi tulipokwenda kupima, wewe ulielewa nini?" Halafu nyamaza usikilize. Mwambie na wewe ulielewa nini. Kama hujui unachotaka, sema hujui, ni jibu halali. Ila mpe muda unaojulikana, siyo "tutaona". Na ndani ya muda huo ningewashauri msilale pamoja.

Kipanga_Mbagala
Hapo mwisho napinga. Ukimkatia mtu huduma ghafla unamwadhibu kwa kusema ukweli. Kesho hatasema tena.

Fundi_Friji
Kipanga, mimi nisingekubali kukatiwa siku ile, ningepiga kelele. Lakini kuendelea ndiko kulikonimaliza. Kila tukilala niliona kama nimekubaliwa, asubuhi nikaona bado. Hiyo kupanda na kushuka ndiyo iliyokuwa inanifanya nipige simu usiku.

Panya_wa_Maabara
Kwa anayetaka kujua watu hawa huishia wapi: kuna utafiti wa Marekani wa 2020 uliowafuatilia marafiki wa namna hii kwa karibu mwaka mzima. Waliogeuka wapenzi kamili walikuwa wachache. Wengine waliendelea vilevile, wengine wakarudi kwenye urafiki mtupu, na wengi tu hawakubaki na uhusiano wowote.

Shangazi_Magomeni
Hao wa Marekani hawana kamati ya sendofu. Hapa kwetu mtu akionekana ameketi na wewe ukumbini, kesho yake mama zako wadogo wanauliza barua inakuja lini. Tausi akimkalisha bila kujua moyo wake, atakuwa amejibu swali mbele ya ukoo mzima kabla hajalijibu mwenyewe.

Wakili_Mdogo
Shangazi amesema. Na kinyume chake pia: kumkatalia kiti siyo lazima kumkataa yeye. Dada, hakikisha anasikia tofauti hiyo, maana meseji yako ya "alete yeyote anayemtaka" haikumwonyesha.

Nahodha77
Ngoja kwanza, 120,000 kwa dabo? Ukumbi gani huo? Yetu mwezi uliopita ilikuwa laki na nusu na soda moja moja.

Tausi_Segerea
Nahodha, njoo inboksi nitakuelekeza.

Wakuu, nimerudi. Tumeonana jana mchana, Mwenge. Nilimuuliza la Krismasi kama dada Nasaha alivyosema. Alicheka kwanza, halafu akasema, "Mimi nilidhani pale ndiyo tulianza." Yule wa Mwanza anasema ni yeye mwenyewe aliyemwacha, wiki ile ile tuliyopima. Picha ya Koko anasema hakumwogopa yule kaka, aliona aibu kwamba rafiki zetu walimuuliza na yeye hakujua amjibu nini mtu. Kuhusu kunyamaza nilimwambia wazi kwamba kumeniumiza, akasema alikuwa anaandika na kufuta.

Nimemwambia sijui. Nimemwomba muda mpaka baada ya sendofu, na tumekubaliana tusilale pamoja mpaka hapo. Hakufurahi, lakini hakubisha. Kadi anasema anabaki nayo, atakuja na dada mmoja wa kazini kwao ili hela ya mchango isiende bure.

Kipanga_Mbagala
Yule wa Mwanza, "nilimwacha mimi". Kila mwanaume husema hivyo. Bado nashikilia, akiba.

Mtaalamu_Kimara
Wiki ile ile mliyopima na kuacha kinga. Sasa mnaona mwili ulivyo na kazi hapo? Sijasema tena.

Amina_Usalama
Umefanya vizuri kumwambia la kunyamaza. Kipimo ni sendofu yenyewe na wiki zinazofuata. Kama hilo la dada wa kazini ni la kukukomoa, utaliona ukumbini.

Fundi_Friji
Tausi, mimi nina moja tu. Umekaa meza ya familia, mlango unafunguka, anaingia na huyo dada, wote wamevaa sare ya rangi moja. Utajisikiaje?

Tausi_Segerea
Kaka Fundi, nimelifikiria tangu jana na halijanipendeza hata kidogo. Kama ni wivu au ni kumtaka, hapo ndipo nilipokwama na mimi.

Nasaha_Ilala
Basi tenganisha kama tulivyotenganisha ya kwake. Muondoe huyo dada kwenye picha, abaki yeye amekaa peke yake meza ya marafiki. Bado unatamani angekuwa karibu yako?

Konda_Mstaafu
Asijibu hapa, akamjibu mwenye kadi. Nahodha, umepata ukumbi?